Nilivyomweleza Mama wa Samaki Tiketi Yake

Nina cheti cha kuuza tiketi za ndege. Nilikipata kwa masomo ya jioni ya miezi mitatu, na nikakitia fremu kabla sijanunua kitanda. Wakati huo nilikuwa nikiishi Laini Saba, Kibera, chumba kimoja karibu na reli, na cheti nilikitundika mkabala na stuli ya pekee niliyokuwa nayo, ili mgeni akikaa asiwe na pengine pa kutazama. Kazi yangu ilikuwa Kawangware, katika ofisi ndogo ya tiketi iliyo juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Kila asubuhi nilitoka Kibera kwa miguu nikiwa nimefunga tai. Tai hiyo niliifunga hata Jumamosi, hata nikienda kuchota maji, na watu wa ploti yetu wakaniita rubani. Nilidhani wananisifu. Ukweli ni kwamba sikuwa nimepanda ndege hata siku moja, na wao walilijua hilo vizuri kuliko nilivyofikiri.

Milango mitatu kutoka kwangu aliishi mama wa samaki. Alikaanga mgongo wazi kando ya reli, ule mfupa wa mbuta unaobaki kiwandani minofu ikishaondolewa, wenye kichwa na mkia na nyama kidogo ya kubahatisha katikati. Aliukaanga hadi ukawa mkavu kiasi cha kutafunwa mfupa na yote. Alikuwa na binti mmoja tu, aliyeolewa Lusaka, na binti huyo alikuwa mjamzito. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imeharibika katika mwezi wa saba, mumewe akiwa kazini mbali, mama yake akiwa Laini Saba hana nauli. Alilazwa na akaruhusiwa peke yake, akapanda teksi peke yake akaenda nyumbani.

Mama wa samaki hakulia aliponisimulia habari hiyo. Alisema tu kwamba safari hii upasuaji wa kujifungua umeshapangwa tarehe, na siku hiyo binti yake akisukumwa kuelekea chumba cha upasuaji, yeye atakuwa amesimama mlangoni. Hakutaka kingine. Binti alikuwa ameweka akiba hadi akamnunulia mamake tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi, kwa simu, moja kwa moja kutoka kwa kampuni yenyewe, na alichagua ile ya bei ya chini kabisa.

Basi jioni moja mama akaja mlangoni kwangu, mikono ikinuka mafuta, ameishika simu kwa ncha za vidole.

"Kijana yangu, si wewe ni mtu wa ndege? Hebu nisomee hii kitu inasema nini."

Sitasahau raha niliyoisikia. Huko kazini wateja walitaka bei tu, na nilipoanza kueleza masharti walitazama saa. Hapa palikuwa na mtu ameketi kwenye stuli yangu, akitazama cheti changu, akiomba kuelezwa. Nikasimama. Ndiyo, nilisimama ndani ya chumba changu mwenyewe kama mhubiri.

"Mama, tiketi ziko aina mingi," nilimwambia. "Kuna ile ya bei ya juu, hiyo ni kama samaki mzima. Hii yako, usikasirike, ni mgongo wazi."

"Mgongo wazi inashibisha watu," alisema.

Nilicheka kidogo, kwa huruma, jinsi mtaalamu anavyocheka. Kisha nikampa somo lote. Nikamwambia kwamba tiketi yake haina nafasi ya mzigo wa kuingia tumboni mwa ndege. Ana begi moja tu la mkononi, kilo saba, na akitaka kubeba zaidi lazima nafasi inunuliwe, na ni afadhali inunuliwe mapema mtandaoni kwa sababu kule kaunta bei inapanda. Nikamwambia kwamba tarehe inaweza kubadilishwa, lakini kuna faini, na juu ya faini analipa tofauti ya nauli, maana ile bei ndogo aliyonunua binti huenda siku hiyo nyingine imekwisha. Kuhusu kurudishiwa pesa nilikunja uso kabisa. Nauli hairudi. Kinachorudi ni baadhi ya kodi za uwanja wa ndege, nazo zinarudi katika kadi iliyolipa, yaani ya binti. Na asipotokea siku ya safari bila kutoa habari, hata kiti cha kurudi kinafutwa pamoja na kile cha kwenda.

"Kwa hivyo hii tiketi," alisema mama polepole, "ni mimi niko na makosa tu. Wao hawana."

"Hivyo ndivyo sheria za ndege ziko," nilisema, nikifurahi kwamba ameelewa.

Kila nilichomwambia jioni ile kilikuwa sahihi. Nasisitiza hilo kwa sababu ndiyo heshima ya mwisho niliyobaki nayo katika habari hii.

Mambo yalianza kusogea wiki mbili baadaye. Upasuaji ulikuwa umepangwa Jumatatu, na tiketi ilikuwa ya Ijumaa iliyotangulia, saa mbili asubuhi, kwa hiyo mama alikuwa na nafasi ya kufika na kupumzika. Lakini daktari alimpima binti akaona si vizuri kungoja, akausogeza upasuaji mapema hadi Ijumaa hiyo hiyo, saa nane mchana kwa saa za Lusaka, ambayo kwetu ni saa tisa. Binti akalazwa mapema ili waendelee kumwangalia. Mama alikuja mbio, kitambaa cha kichwa kikiwa mkononi.

"Nisongeze niende Jumatano. Ama Alhamisi. Kuna ndege?"

Kampuni ile ilikuwa na ndege Alhamisi. Niliitazama kwenye simu, nikajumlisha faini na tofauti ya nauli, nikampa jumla. Ilishinda bei ya tiketi nzima. Mama akasema jirani mmoja wa Lindi, mtaa mwingine wa Kibera, amemshauri apande basi leo leo, apitie Tanzania, kisha ile tiketi aitumie kurudia. Hapo nikapata nafasi nyingine ya kung'aa. Nikamweleza kwamba tiketi huliwa kwa mpangilio wake, ukiruka safari ya kwanza ile ya pili inajifuta, na basi lenyewe lingekaa njiani siku kadhaa.

"Lakini Ijumaa asubuhi bado unafika, mama," nilimwambia. "Ndege inatua kabla ya saa sita. Upasuaji ni saa nane yao. Utakuwa hapo mlangoni."

Alihesabu kwa vidole, akahesabu tena, akaniambia Mungu anibariki. Na kama dunia ingesimama hapo ningekuwa shujaa hadi leo.

Jumanne jioni ujumbe uliingia kwenye simu yake, kwa Kiingereza. Binti wakati wa kununua alikuwa ameandika namba ya mamake, kwa hiyo habari zote zilikuja Laini Saba. Alinikuta nikipiga tai pasi. Nikasoma: ndege ya Ijumaa imefutwa, samahani kwa usumbufu, tumekuhamishia ya Jumamosi saa ile ile. Chini yake palikuwa na kiungo, na nilipokifungua nikaona vitufe viwili. Cha kijani kiliandikwa kubali. Cheupe kiliandikwa chagua safari nyingine.

Mama alishika fremu ya mlango. "Jumamosi? Na Ijumaa mtoto wangu?"

"Sheria ni sheria, mama."

Nilisema hivyo. Nimejaribu miaka yote hii kukumbuka kwamba labda nilisema jambo lingine, la kibinadamu zaidi, lakini nilisema hivyo.

Alifikiri kidogo. Huyu ni mtu aliyenunua samaki kila siku alfajiri kutoka kwa mabroka, akauza kwa wateja wanaotaka mkopo, kwa hiyo akili yake ilienda moja kwa moja kule akili ya mfanyabiashara inakoenda.

"Na wao wakibadilisha," aliniuliza, "faini yao ni ngapi?"

Nilicheka. Na sikucheka kidogo, nilicheka hadi nikaweka pasi chini. Nikamwambia kampuni ya ndege haitozwi faini na abiria wa tiketi ya chini, kwamba masharti ameyakubali yeye na hao wanaruka wanapotaka. Akaniomba basi nibonyeze kile cheupe tuone tu kinasema nini.

"Hicho ndicho cha faini, mama. Ukikigusa wanakutoza."

"Hata kuona tu?"

"Mama. Hii ndiyo kazi yangu."

Sikukifungua. Ningekifungua ningeona Alhamisi ikinikodolea macho, na mbele yake pameandikwa bure. Lakini nilikuwa nimekariri sheria za abiria anayebadili nia, na sikujua kwamba ziko nyingine za kampuni inayobadili nia, kwa sababu mwalimu alizifundisha ile jioni niliyokwenda kupigwa picha ya cheti. Nikahofia kiti cha Jumamosi nacho kitachukuliwa. Nikabonyeza cha kijani. Ujumbe wa shukrani ukaja mara moja, na nikamrudishia simu yake nikiwa nimeridhika, kama daktari aliyeng'oa jino zima na kuliacha bovu.

Ijumaa niliomba ruhusa ya nusu siku, nikarudi mapema nimsaidie mama kufungasha. Najua sasa kwamba hakuhitaji msaada wa kufungasha. Alikuwa amekaa kwenye kibanda chake kando ya reli, karai iko motoni, simu ameitia kifuani, na kila baada ya muda mfupi aliuliza saa ngapi. Nikafanya nilichojua. Nilianza kumweleza habari za mzigo.

Ploti nzima ilikuwa imeshaleta mizigo yao. Kwetu mtu hasafiri mikono mitupu. Ukisikika unaenda mahali, kila mwenye shangazi huko, au mwenye rafiki wa shangazi, anakuja na kifurushi na kusema ni kidogo tu. Palikuwa na leso nne za binti, sweta za mtoto, unga wa wimbi wa uji wa mzazi, sufuria ndogo ambayo hadi leo sijui ilikuwa inaenda kwa nani, na viatu vya mtu wa Kambi Muru, mtaa jirani, aliye na kaka Lusaka. Niliwahutubia wote kuhusu kilo saba. Niliwaambia aibu hawana, wanamtwika mama mzigo wa punda. Kisha, watu walipoondoka, nikachomeka ndani ya begi kadi zangu za kazi, bunda zima lililofungwa mpira, mama akawagawie watu wa Lusaka. Sijui nilifikiri mtu wa Lusaka angekuja Kawangware, juu ya duka la vipuri, kutafuta nini.

Sasa tulihitaji mizani. Nikabeba begi hadi kwa mzee wa skrapu, anayenunua vyuma na makopo upande wa pili wa reli, nikalitundika kwenye ndoano yake. Mshale ukasimama kwenye saba. Saba kamili, wala haukutikisika. Mzee wa skrapu alinitazama kwa namna fulani, akaanza kusema jambo, akaacha. Kila mtoto wa Laini Saba anayeokota misumari anajua kwamba mizani ya mnunuzi wa skrapu inakula kilo. Ukimpelekea chuma cha kilo kumi anakulipa cha saba, na mkigombana anakuonyesha mshale. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewahi kumtukana kwa sababu ya mizani hiyo hiyo. Siku ile mshale ulisema nilichotaka kusikia, nikaushukuru.

Nilirudi nikimwambia mama, "Saba kamili!" nikamkuta hanisikii. Ilikuwa saa tisa. Binti yake alikuwa anasukumwa kuelekea chumba cha upasuaji, Lusaka, na mlangoni hapakuwa na mtu. Mama alikuwa ameacha samaki aungue. Sijawahi kumwona akiunguza samaki kabla ya siku hiyo wala baada yake.

"Alinipigia kabla hawajamtoa kwa wodi," alisema. "Amewaomba wangoje kidogo. Ati labda nitatokea tu. Yawa, anajua sitatokea, lakini amewaomba."

Nilikaa kwenye debe la mafuta lililopinduliwa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya utaalamu nikanyamaza. Nilimwonea huruma sana. Niliilaani kampuni ya ndege moyoni, nikalaani na matajiri wote wenye tiketi za samaki mzima. Mimi mwenyewe nilijiona mtu mwema, kwa sababu nilikuwa nimekaa naye.

Simu ililia saa kumi na nusu. Alikuwa mkwe wake. Mama alisikiliza, akafunga macho, akauliza swali moja kwa Kijaluo, kisha kwa Kiswahili akauliza, "Na mamake?" Halafu akaketi chini pale pale kwenye vumbi, mguu huku na mguu kule.

"Msichana," aliniambia. "Wote wazima. Kilo tatu na robo."

"Huyo hata kama mzigo wa mkononi angepita," nilisema.

Akacheka machozi yakimtoka, na mimi nikacheka na kulia vilevile, na wateja wa samaki wakapewa mgongo wazi wa bure uliokuwa mkaa mtupu.

Jumamosi nilimpeleka uwanja wa ndege nikiwa na tai. Sisi tusiosafiri haturuhusiwi kuingia hadi kaunta, kwa hiyo nilibaki nje nikimtazama kupitia kioo hadi akapotea kwenye foleni. Nilikuwa nimemwambia asiogope, asimame wima, aseme begi ni la mkononi. Baada ya dakika ishirini hivi simu yangu ikalia.

"Kijana yangu, huyu dada ananiambia begi ni kilo kumi."

"Haiwezekani. Mwambie tumepima."

"Nimemwambia. Ameniuliza tumepimia wapi."

Nililegeza tai.

"Sijamwambia," alisema mama kwa sauti ya chini. "Nimeona aibu."

Basi hapo nilipaswa kutubu, lakini nikaanza somo. Nikamwambia amweleze dada yule kwamba tiketi ni ya chini na kwamba yeye ni mama mtu mzima na kwamba kilo tatu ni kitu kidogo. Nikasikia simu ikibadilisha mikono, kisha sauti ya msichana, ya upole na iliyochoka, ikaniuliza kama mimi ndiye ninayemsaidia mama na tiketi hii.

"Ndiyo," nilisema. "Niko kwenye biashara hii."

"Ndege yake tuliifuta sisi. Hapa naona alipewa nafasi ya kuchagua siku nyingine bila malipo, Alhamisi ilikuwa na viti, ama arudishiwe pesa zote. Kwa nini mlikubali Jumamosi? Mama anasema alikuwa na haraka."

Wapo watu wanaojua la kusema pale wanapokamatwa. Mimi nilisema, "Tiketi ni ya bei ya chini."

"Bei haihusiki kama ni sisi tumefuta," alisema msichana. "Lakini sasa mlishabonyeza kukubali. Na leo begi lazima lifike saba, ama alipie hapa kaunta."

Nilimsikia akimrudishia mama simu. Nikamwambia mama avae leso zote nne, moja juu ya nyingine, avae na sweta yake mwenyewe iliyo begini, sheria ya mzigo haihesabu mtu alichovaa. Hilo lilikuwa kweli na lilisaidia. Vingine alivitoa. Baada ya muda mlinzi mmoja alitoka nje na mfuko, akauliza nani ni rubani. Nikainua mkono. Ndani mlikuwa na sufuria, viatu vya mtu wa Kambi Muru, na juu kabisa, bado zimefungwa mpira, kadi zangu zote. Unga wa wimbi alikuwa ameenda nao.

Nilipanda gari nikarudi mjini nikijifariji kwamba mama hakusikia. Simu ilikuwa sikioni mwa msichana, nilijiambia, na mama alikuwa anahangaika na begi. Kwa hiyo hajui, na asiyejua haumii.

Jumatatu nilimpelekea bosi wangu kisa hicho kama cha mtu mwingine. Bosi ni mama mwenye umri, mzaliwa wa Kawangware, jengo lile ni lake, limejengwa kwenye ardhi ya babake, na ofisi ya tiketi aliifungua ili chumba kisikae bila mpangaji. Hana cheti. Alinisikiliza huku akiandika risiti ya kodi ya duka la vipuri.

"Kampuni ikibadilisha, masharti ya mteja yanalala," alisema bila kuinua kichwa. "Hiyo hata haitaki shule. Mtu akikuuzia ng'ombe halafu alete mbuzi, utamlipa wewe faini?"

"Hapana," nilisema.

"Huyo kijana aliyebonyeza ni mjinga. Mwambie mtu asibonyeze kitu kabla hajasoma hadi chini."

Nilisema nitamwambia. Jioni hiyo niliteremsha fremu ukutani nikaiweka chini ya godoro, na nililala juu yake usiku kucha nikihisi kona zake mgongoni. Debe tupu haliachi kuvuma, wanasema, lakini mimi nilivuma kidogo sana miezi ile. Wateja walipouliza masharti niliwasomea kimya kimya kutoka kwenye skrini, neno kwa neno, hadi mmoja akaniuliza kama nina homa.

Mama wa samaki alikaa huko karibu miezi mitatu. Alirudi amenenepa, akifundisha kila mtu jinsi watu wa Zambia wanavyopika majani ya maboga kwa karanga. Siku tatu nilimkwepa. Nilitoka alfajiri kabla hajawasha jiko, nikarudi kwa njia ya nyuma, ambayo hupitia mahali pasipofaa kutajwa. Siku ya nne nikashindwa na nafsi yangu. Nilikwenda kibandani, nikaketi kwenye debe, nikamwambia kila kitu. Nilimwambia kwamba angeweza kwenda Alhamisi bila kulipa chochote. Nilimwambia kwamba aliuliza swali sahihi na mimi nikamcheka, kwamba aliniomba nifungue kile kitufe nikakataa, kwamba binti yake aliwaomba madaktari wangoje kwa ajili ya ujinga wangu. Nilisema naomba msamaha.

Mama aligeuza samaki wote karaini, mmoja mmoja, kabla ya kunijibu.

"Nilijua," alisema. "Yule dada aliniambia mimi kwanza, kwa Kiswahili, ndiyo nikakupigia."

Nikamtazama. "Ulijua ukiwa pale pale? Na hukunigombeza?"

"Hata ile Jumanne nilijua kuna kitu haiko sawa. Mimi ni mtu wa soko. Mtu akivunja bei yenye tulisikizana ni yeye anaongeza kitu, si mimi. Ningechukua simu yangu niende kwa mtu mwingine anibonyezee hiyo nyeupe."

"Sasa mbona hukuenda?"

Alipangusa mikono kwenye aproni, akanitazama kwa upole ambao ningeubadilisha kwa matusi yoyote.

"Ulikuwa unafurahi sana kunieleza, kijana yangu. Watu hapa wanakucheka, na mimi nilikuwa nimekaa kwa stuli yako. Nikaona nikikuuliza mara ya tatu nitakuvunja moyo."

Kisha akanifungia mgongo wazi mmoja kwenye gazeti, akanipa.